Miaka Mitatu Ndani ya Hatifungani ya Miaka 20: Faida Inayoamuliwa Siku ya Kuuza

Hatifungani ya serikali ya miaka 20 inapotangazwa mnadani na Benki Kuu ya Tanzania, namba inayoshikwa na watu wengi ni moja tu, nayo ni kuponi. Mtu akisikia asilimia 12, hupiga hesabu palepale: milioni 10 zitanipa milioni 1 na laki 2 kila mwaka, laki 6 kila baada ya miezi sita, na mtaji wangu uko kwa serikali, hauendi popote. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu atakayekaa na karatasi yake mpaka iive. Lakini wanunuzi wengi hawana mpango wa kukaa miaka 20. Kuna anayetaka kujenga baada ya miaka mitatu, kuna mwenye mtoto atakayeingia chuo kikuu baada ya miaka mitatu, na kuna chama cha akiba kitakachohitaji kurudisha fedha za wanachama katika muda huohuo. Mtu wa namna hiyo akinunua hatifungani ya miaka 20, atalazimika kuiuza ikiwa imebakiza miaka 17, na atauza kwa bei itakayokuwapo siku hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba kwa mtu huyu ile asilimia 12 haielezi faida yake. Faida yake ya miaka mitatu itaamuliwa zaidi na bei ya kuuzia, na hesabu ya kuipima inafaa kufanywa kabla ya kununua.

Tuanze na fedha zenyewe, maana kwa mtu wa miaka mitatu zinatoka katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni kuponi sita, kila moja shilingi 600,000, jumla milioni 3.6. Mfuko huu haubadiliki: riba ya soko ipande au ishuke, kuponi iliyoandikwa kwenye hatifungani inabaki vilevile. Wa pili ni kile kinachozalishwa na kuponi zenyewe baada ya kuzipokea. Kuponi ya kwanza inaingia mwezi wa sita, na mpaka siku ya kuuza ina miaka miwili na nusu ya kufanya kazi. Ya pili ina miaka miwili. Ya sita inaingia siku ileile ya kuuza, kwa hiyo haizalishi kitu. Wa tatu ni bei ya kuuzia. Jumla ya mifuko hii mitatu, ikilinganishwa na milioni 10 zilizotoka, ndiyo inayotupa faida ya muda wa kushika. Ukiuza mara tu baada ya kupokea kuponi ya sita, hesabu inakuwa safi, kwa sababu hakuna riba ya siku za katikati ya kudaiana na mnunuzi.

Kabla ya kwenda mbele, kuna neno moja la kulielewa vizuri, nalo ni mavuno. Kuponi ni ahadi iliyoandikwa kwenye hatifungani siku ilipotolewa, wala haibadiliki. Mavuno ni kiwango ambacho soko linadai leo ili likubali kukopesha kwa muda uliobaki. Hatifungani ya kuponi ya asilimia 12 ikiwa sokoni siku ambayo wakopeshaji wanadai 12, itauzwa kwa thamani yake iliyoandikwa, yaani shilingi 100 kwa kila 100. Wakopeshaji wakianza kudai 15, hakuna atakayetoa shilingi 100 kwa karatasi inayolipa 12, wakati kwa shilingi 100 hizohizo anaweza kupata mpya inayolipa 15. Muuzaji hawezi kuongeza kuponi, kwa hiyo anachoweza kupunguza ni bei tu, mpaka mnunuzi akipiga hesabu ya kuponi ndogo pamoja na punguzo la bei aone anapata 15 yake.

Je, mavuno hubadilika kiasi hicho? Kwetu yamebadilika, na kwa haraka. Mwaka 2022 kuponi ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Hizo ni zaidi ya pointi tatu za asilimia, kwa uamuzi mmoja. Haikuchukua muda mrefu hali ikageuka, na mwaka 2024 kuponi za hatifungani mpya za miaka 20 zilikuwa zimerudi juu ya asilimia 15. Najua kuponi ya hatifungani mpya si kitu kilekile na mavuno ya soko, kwa sababu mnadani watu wanaweza kulipa zaidi au pungufu ya 100. Hata hivyo mwelekeo na ukubwa wa mabadiliko unaonekana. Kwa hiyo nikichukua mfano wa mavuno kutoka 12 kwenda 15, au kutoka 12 kwenda 9, ninatumia pointi tatu ambazo soko letu limewahi kuzipita ndani ya muda mfupi kuliko hiyo miaka mitatu ya mnunuzi wetu.

Basi tumchukue mnunuzi aliyetoa milioni 10 kwa hatifungani ya miaka 20, kuponi ya asilimia 12, bei ya 100. Kodi na ada za dalali naziweka kando ili tuione mashine yenyewe. Kwanza tuseme hakuna kinachobadilika: mavuno yanabaki 12, na kila kuponi anaiwekeza tena kwa 12, yaani asilimia 6 kwa nusu mwaka. Baada ya miaka mitatu kuponi pamoja na uzao wake zimefika shilingi 4,185,191. Hatifungani anaiuza kwa milioni 10 zilezile. Mkononi ana shilingi 14,185,191, na ukitafuta ni kiwango gani cha nusu mwaka kinachoikuza milioni 10 hadi hapo kwa vipindi sita, utapata asilimia 6 kamili, yaani 12 kwa mwaka. Hii ndiyo hali ambamo namba ya tangazo na namba ya mfukoni zinalingana. Angalia masharti yake: mavuno ya siku ya kuuza yawe yaleyale ya siku ya kununua, na kila kuponi ipate pa kwenda kwa kiwango kilekile. Sharti moja likivunjika, asilimia 12 inavunjika nayo.

Sasa mavuno yapande hadi 15 muda mfupi baada ya kununua, yabaki hapo. Kuponi zinawekezwa kwa asilimia 7.5 kwa nusu mwaka badala ya 6, na zinafika shilingi 4,346,412. Hapo amefaidika: amepata shilingi 161,221 zaidi ya alizotarajia. Lakini hatifungani aliyonayo, ikiwa na nusu miaka 34 iliyobaki, inapaswa kupimwa kwa 7.5 kwa kila nusu. Bei yake inatoka shilingi 81.71 kwa kila 100, yaani milioni 8.17 kwa hatifungani nzima. Amepoteza shilingi 1,828,942 kwenye bei. Upande mmoja wa mizani kuna laki 1 na elfu 61, upande wa pili kuna milioni 1 na laki 8. Jumla yake ni shilingi 12,517,470, na kiwango kinachoikuza milioni 10 hadi hapo ni asilimia 3.81 kwa nusu mwaka, sawa na 7.6 kwa mwaka. Serikali imelipa kila senti iliyoahidi, kwa tarehe iliyoahidi, na bado mtu aliyedhani amenunua 12 ameondoka na 7.6.

Anayetaka kuhakiki namba hizi kwenye kompyuta anaweza kuandika mistari mitatu katika jedwali la hesabu. Wa kwanza unatoa bei ya kuuzia, wa pili unatoa thamani ya kuponi zilizowekezwa tena, na wa tatu unatoa faida ya mwaka. Nusu mwaka ndiyo kipimo, kwa hiyo kila kiwango cha mwaka kinagawanywa kwa mbili, na jibu la mwisho linazidishwa kwa mbili.

```
=PV(7.5%,34,-600000,-10000000)
=FV(7.5%,6,-600000)
=RATE(6,0,-10000000,12517470)*2
```

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mavuno yakipanda, nguvu mbili zinavutana: uwekezaji wa kuponi unanufaika, bei inaumia. Yakishuka, kinyume chake. Watu husema nguvu hizi zinafidiana, na ni kweli kwamba zinafidiana, ila zinahitaji muda. Uwekezaji wa kuponi hukua polepole, kwa sababu mwanzoni kuna kuponi moja tu ya kuwekeza, kisha mbili, kisha tatu. Bei huanguka siku ileile soko linapobadilika, kwa sababu inabeba nusu miaka yote iliyobaki kwa pamoja. Kwa hatifungani yetu, iliyonunuliwa kwa 100 kwa mavuno ya 12, muda ambao nguvu hizi zinakaribia kulingana ni miaka 8 hivi. Ukipima mtu aliyekaa miaka 8 badala ya mitatu, mavuno yakiwa yamepanda hadi 15 tangu mwanzo, kuponi zake zimefika milioni 17.4, hatifungani inauzwa kwa milioni 8.35, na jumla yake ni milioni 25.8. Aliyebaki kwenye dunia ya 12 tupu angekuwa na milioni 25.4. Kwa hiyo wa miaka 8 hakuumia na kupanda kwa mavuno, bali alipata kidogo zaidi. Wa miaka mitatu yuko mbali sana na sehemu hiyo ya mizani, na ndiyo maana anabebwa na bei karibu peke yake.

Kila mara hesabu hii inapotolewa kuna pingamizi linalokuja haraka, nalo linasikika lina nguvu: hasara hiyo ni ya kwenye karatasi tu, nisipouza sijapoteza, nitasubiri mpaka iive nipokee milioni 10 zangu. Jibu la kwanza ni kwamba mtu wetu ana karo au ujenzi baada ya miaka mitatu. Kusubiri miaka mingine 17 si njia aliyonayo. Lakini hata tukimpa nafasi ya kusubiri, hasara haiondoki, inabadili tu namna ya kulipwa. Aliyenunua leo kwa 15 anapokea shilingi 750,000 kila nusu mwaka kwa milioni 10. Yeye anapokea 600,000. Anakosa 150,000 kila nusu mwaka, mara 34. Ukizikusanya hizo 150,000 na kuzirudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha 7.5, jumla inatoka shilingi 1,828,942. Ni namba ileile ya hasara ya bei, mpaka shilingi ya mwisho, wala si kwa bahati. Bei ya soko ni hesabu ya hizo kuponi pungufu zilizokusanywa mahali pamoja. Anayeuza analipa kwa mara moja, anayesubiri analipa kwa awamu 34. Anayo haki ya kuchagua kulipa kwa awamu, na kwa mtu mwenye muda mrefu inaweza kuwa busara, lakini asiseme hakuna kilicholipwa.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: mbona unazungumzia kupanda tu, mavuno hayashuki? Yanashuka, na yakishuka mtu wa miaka mitatu anavuna sana. Kwenye mfano wetu, mavuno yakienda 9, hatifungani inauzwa kwa shilingi 125.87 kwa kila 100, kuponi zilizowekezwa kwa 9 zinafika milioni 4.03, na faida ya mwaka inafika asilimia 17.7. Walioshika karatasi za 15.49 mwaka 2022 waliona kitu cha namna hii: kuponi mpya ziliposhushwa, karatasi yao ya zamani ikawa bidhaa adimu. Tena mizani yenyewe inaelemea upande wao kidogo, kwa sababu pointi tatu za kushuka zilipandisha bei kwa karibu 26, ilhali pointi tatu za kupanda ziliishusha kwa 18 tu. Nakubali yote hayo. Ninachopinga ni kuiita faida hiyo riba. Anayetarajia 17.7 au kuogopa 7.6 anafanya dau juu ya mavuno ya miaka 17 yatakavyokuwa siku moja maalumu, miaka mitatu kuanzia leo. Dau linaweza kufanywa kwa akili, na wapo wenye mtaji wa kulibeba. Mwenye fedha ya karo inabidi ajue kwamba amelifanya.

Kuna neno la kuwaambia pia wanaofuata karatasi za kuponi kubwa katika soko la pili, pale Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anayenunua hatifungani ya 15.49 yenye miaka 17 iliyobaki, wakati mavuno ya soko ni 12.10, atalipa kama shilingi 124.2 kwa kila 100. Baada ya miaka mitatu, hata mavuno yasipotikisika kabisa, bei yake itakuwa imeshuka hadi 122.6, kwa sababu kila kuponi kubwa inayolipwa inapunguza idadi ya kuponi kubwa zilizobaki, na mwisho wa safari bei lazima irudi 100. Sehemu ya kuponi anayoipokea ni mtaji wake mwenyewe unaorudishwa kidogokidogo. Akiitumia yote kama mapato, anakula mbegu.

Turudi kwenye mfuko wa pili, ambao nimeupita haraka nikidhani kila kuponi inapata pa kwenda kwa mavuno ya soko. Kwa mwenye milioni 10 dhana hiyo haisimami, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: katika mnada wa Benki Kuu kiwango cha chini cha kununua hatifungani ni shilingi milioni 1, na kuponi yake ni laki 6. Hawezi kuipeleka mnadani peke yake. Ataiweka benki, au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS, au atasubiri kuponi ya pili ili zifike milioni 1 na laki 2. Tena hata angeweza kuingia mnadani, kuwekeza kuponi kwenye hatifungani ndefu nyingine kungemwongezea karatasi ya kuuza siku ileile, yaani dau lilelile kwa ukubwa zaidi. Kuponi za mtu wa miaka mitatu zinapaswa kukaa mahali pa muda mfupi, na pa muda mfupi kwa kawaida hulipa kidogo. Hivyo katika hesabu ya kweli kuna viwango viwili tofauti vya kukisia: kile cha kuwekezea kuponi na kile cha kuuzia hatifungani. Si vizuri kuvifunga kuwa kimoja kwa sababu tu hesabu inakuwa nyepesi.

Tuseme basi kuponi zinapata asilimia 8 kwa mwaka. Zitafika shilingi 3,979,785. Mavuno ya kuuzia yakibaki 12, faida ya miaka mitatu ni 11.5. Yakipanda hadi 15, faida inakuwa 6.6. Na kama kuponi zinakaa kwenye akaunti isiyolipa kitu, mavuno yakiwa 15 siku ya kuuza, faida ni 5.5. Tofauti ya kupata 8 au kutopata kitu kwenye kuponi ni pointi moja na kidogo. Tofauti ya kuuza kwa mavuno ya 12 au ya 15 ni karibu pointi tano. Hiyo inatuambia nguvu ya kufikiri ielekezwe wapi. Hangaiko la kutafuta benki inayolipa nusu asilimia zaidi kwenye kuponi lina maana, lakini ni dogo mno mbele ya swali la kuponi hizo zimetoka kwenye karatasi ya urefu gani.

Bei ya 81.71 niliyoitaja nayo ni bei ya hesabu, na siku ya kuuza kuna mnunuzi wa kweli upande wa pili. Soko la pili la hatifungani hapa kwetu lina siku za shughuli nyingi na siku za ukimya, na mwenye haraka ndiye anayepunguza. Akikubali shilingi 2 chini ya bei ya hesabu kwa kila 100, milioni 10 zake zinapoteza laki 2, na katika ule mfano wa mavuno kupanda hadi 15 faida inashuka kutoka 7.6 hadi 7.1. Laki 2 hizohizo zikigawanywa kwa miaka 17 ya mtu wa muda mrefu zisingeonekana, ila kwa miaka mitatu zinang'ata. Dalili ya kuangalia mapema ni kama karatasi ya aina uliyonayo, kwa kuponi na mwaka wake wa kuiva, imekuwa ikiuzwa sokoni katika miezi ya karibuni na kwa bei gani. Dalali mzuri anaweza kukuonyesha hilo kabla hujanunua.

Pingamizi la tatu nalichukulia kwa uzito kuliko mengine yote: mbadala uko wapi? Hatifungani fupi hulipa kuponi ndogo, kwa hiyo kumwambia mtu aache miaka 20 achukue miaka 5 ni kumwambia aache faida ya uhakika kwa kuogopa hasara isiyo na uhakika. Tulipime hilo kwa haki. Tuipe hatifungani ya miaka 5 kuponi ya asilimia 10, pointi mbili chini ya ile ndefu, na kuponi za zote mbili tuziwekeze kwa 8. Soko likitulia, ile ndefu inatoa 11.5 kwa miaka mitatu na ile fupi inatoa 9.8, mwenye fupi amekosa pointi moja na robo tatu hivi. Mavuno yote yakipanda kwa pointi tatu, ile ndefu inaangukia 6.6, na ile fupi, ambayo siku ya kuuza imebakiza miaka miwili tu, inauzwa kwa 94.86 na kutoa 8.4. Yakishuka kwa pointi tatu, ndefu inapaa hadi 17.6 na fupi inafika 11.2. Kwa hiyo mwenye pingamizi ana haki kwamba ufupi una gharama. Lakini ufupi umemnunulia mtu wetu kitu kinachoonekana: matokeo yake yote yako kati ya 8.4 na 11.2, ilhali ya mwenye ndefu yametawanyika kati ya 6.6 na 17.6. Mwenye karo ya mwaka maalumu hapati nafuu yoyote kwenye ile 17.6 kama bajeti yake haivumilii 6.6.

Nafikiri namna bora ya kuliweka swali kwa mnunuzi ni kuligeuza. Badala ya kumuuliza mavuno yatakuwa mangapi baada ya miaka mitatu, swali ambalo hata wachumi hulikosea, aulizwe: mavuno yakifika wapi, hatifungani hii itakuwa imekulipa sawa na njia nyingine uliyokuwa nayo? Tuseme njia yake nyingine ilikuwa kuweka fedha mahali panapolipa 9 kwa mwaka kwa miaka mitatu bila kutikisika. Milioni 10 zingefika shilingi 13,022,600 hivi. Kuponi zake zilizowekezwa kwa 8 zinachangia 3,979,785. Kilichobaki ni 9,042,815, nacho lazima kitoke kwenye bei. Hatifungani ya miaka 20, ikiwa imebakiza 17, inashuka hadi 90.43 mavuno yanapofika kama asilimia 13.4. Hiyo ndiyo namba yake. Pointi 1.4 tu juu ya alikonunulia, na faida yote ya ziada aliyoifuata kwenye urefu imekwisha.

Namba hiyo inaweza kujadiliwa na mtu yeyote anayefuatilia minada, hata asiye mtaalamu, kwa kuwa sasa haihitaji utabiri wa kiwango kimoja. Inahitaji kuangalia mavuno yamezunguka kwa upana gani kwa miaka iliyopita, na kujiuliza kama pointi 1.4 ni ukuta mrefu au mfupi. Kwa soko lililotoka 15.49 hadi 12.10 kwa tangazo moja, kisha likarudi juu ya 15, naona ni ukuta mfupi. Na kama mnunuzi, baada ya kuiona 13.4 imeandikwa mbele yake, bado anaitaka hatifungani ya miaka 20 kwa sababu anaamini riba zinakwenda kushuka, basi achukue fungu la fedha lisilo na tarehe, na lile la karo alipeleke kwenye karatasi itakayoiva karibu na siku ya kulipa ada.